Radhi Haiombwi kwa Jumla

Mwalimu alikuwa hapiti Makadara. Nyumba yake iko ndani ya Mji wa Kale, mlango wa pili kutoka kwetu, na mtu akitaka kwenda Marikiti kununua ndimu na nazi, njia ya karibu ni kukatia Makadara, katikati ya tuktuk na meza za viatu. Yeye alizunguka. Alishika vichochoro vya nyuma, akatokea mbali, akateremka na barabara kubwa yenye jua kali, na aliporudi buibui lilikuwa limemganda mgongoni. Alikaa kwenye ngazi akijipepea kwa kifuniko cha sufuria. Ukimuuliza kwa nini hapiti njia ya mkato, alisema Makadara kuna kelele. Huyu ni mtu aliyefundisha watoto wa mtaa mzima katika chumba kimoja, kila mmoja akisoma sura yake kwa sauti, wote kwa pamoja. Kelele hakuwahi kuiogopa.

Tulijua sote. Makadara kulikuwa na Zuhura, na karai lake la viazi.

Zuhura aliwahi kuwa mwanafunzi wake. Siku ya maulidi ya chuo chake cha Kurani, nyumba imejaa akina mama na moshi wa udi, Zuhura alisimama kusoma kasida akasahau ubeti wa katikati. Mwalimu akamshika mkono, akamwondoa mbele ya watu, akamketisha mkekani pamoja na sisi wadogo ambao bado tulikuwa kwenye alifu, na akasema kwa ile sauti yake inayofika mpaka jikoni: "Hiki si kichwa, ni mahali pa kufungia mtandio." Akina mama wakacheka. Mtandio wenyewe naukumbuka, wa njano, na jinsi Zuhura alivyouvuta mbele mpaka ukamfunika macho. Hakurudi chuoni tena, si kesho yake wala siku nyingine.

Labda si haki kuanza na jambo hili. Nimeandika mwanzo mwingine nikaufuta, mwanzo wenye paka wake na redio yake, uliomwonyesha vizuri zaidi. Lakini kila nikimkumbuka, namwona kwanza akizunguka juani na kikapu chake, akiepuka barabara fupi.

Paka alikuwa nao, na redio pia. Paka hawakuwa wake, alisema; walikuwa wapita njia. Lakini wapita njia hao walikuwa na kibao chao cha mbao chini ya ngazi, na samaki wao waliochemshwa bila chumvi, na mmoja mwenye sikio lililokatika alikuwa akisubiriwa. Asipokuja, Mwalimu alifungua dirisha na kumwita kwa matusi. Redio ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufumwa, na kazi yake kubwa ilikuwa kurekebishwa. Mtangazaji akikosea kutamka jina la mtu au akilainisha herufi isiyolainishwa, Mwalimu alimsahihisha hapo hapo, kisha akangoja kidogo, kama kwamba yule mtu atarudia.

Alikuwa na mdomo mkali na mkono mwepesi wa kutoa. Nilipokuwa mtoto alinipiga kwa ufito kwa sababu niliruka aya, na siku hiyo hiyo jioni akaleta bakuli la uji wa mchele akamwambia mama, "Mpe huyo, leo hakula vizuri, nimemwona." Nilipata shida kuunganisha mkono ule wa asubuhi na ule wa jioni. Bado napata shida. Mama husema mimi ni mtu wa kufumua vitu vilivyokwisha kushonwa.

Kufikia wakati ninaousimulia, chuo chake kilikuwa kimebaki mkeka. Watoto wamehamia madrasa kubwa zenye sare na basi. Wanawe wako ughaibuni, na simu zao huja Ijumaa, za haraka, zenye mwangwi. Asubuhi bado alifagia chumba cha chini na kukikunjua kirago, ule mkeka wa wanafunzi, kisha adhuhuri alikikunja. Nilipomuuliza anamkunjulia nani, aliniambia nisiwe na maswali ya polisi.

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani na shahada ya mawasiliano ambayo mama aliitundika sebuleni karibu na saa. Wenzangu walikwenda Nairobi, wengine wakaolewa, na kundi letu la simu likawa na picha za vitu nisivyovifahamu. Nilikuwa naandika ujumbe wa "Hamjambo?" kisha nauangalia, najiuliza kama "Hamjambo" inaonyesha unyonge, naufuta. Siku nyingine sikuzungumza na mtu ila Mwalimu, ambaye alinipigia kelele dirishani nimpokelee kikapu cha nguo alichokishusha kwa kamba.

Katika misemo yake, ule niliousikia mara nyingi ni ule wa radhi. Kabla ya Ramadhani, na tena mwaka unapogeuka, simu za watu wa mtaani hujaa ujumbe mmoja unaozunguka: kama nimekukosea kwa kujua au kutojua, nisamehe. Una picha ya waridi, au mwezi mwandamo. Mtu mmoja huupeleka kwa watu wake wote kwa pamoja, wakiwamo fundi wa bomba na mwenye kuuza gesi. Mwalimu aliuona kwangu, maana simu yake ilikuwa ya vitufe, na kila mara alinirudishia simu kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.

"Huyu kamkosea nani?"

"Wote, Mwalimu. Ni kwa jumla."

"Radhi haiombwi kwa jumla. Gunia la mchele ndilo hununuliwa kwa jumla. Radhi ni mlango kwa mlango, wabisha hodi, waona haya, wasema jina la kosa. Hii ya kupeleka waridi kwa watu mia ni kutaka kusamehewa bila ya kuonekana."

Alisema hivyo kila mwaka. Nami kila mwaka nilitikisa kichwa, na sikumfikiria Zuhura. Au nilimfikiria na nikajiambia si kazi yangu.

Mwisho wa mwaka ule, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama cha mtaani, Bi Salama, alinijia na wazo. Alitaka video fupi ya mwaka mpya ya kuwekwa kwenye mtandao wa kikundi: toba, mazoea madogo ya kila siku, na malengo ambayo mtu ataweza. "Si yale ya 'mwaka huu nitakuwa mtu mpya,'" alisema. "Kila mwaka tunakuwa watu wapya, na ikifika Machi ni wale wale." Msemaji awe Mwalimu. Mwandishi wa maneno na mpigaji picha niwe mimi. Ikitoka vizuri, video za kikundi mwaka mzima zingekuwa kazi yangu. Nililala nikifikiria namna ambavyo haitatoka vizuri.

Mwalimu alikubali kwa masharti. Uso wake usionekane. Mikono na sauti tu.

"Na huo mwaka mpya ni upi?" akaniuliza. "Wetu ulianza zamani, Muharram, na sikukuona na kamera."

"Ni wa kalenda ya ofisini, Mwalimu."

"Haya. Toba haina kalenda. Watu wakitaka kutubu siku ya kubadilisha kalenda ya ukutani, tuwafukuze?"

Tukafanya kazi chumbani kwake kila asubuhi, mimi na daftari, yeye na kisu chake cha kumenyea vitunguu saumu. Nilimweleza kuwa video ya dakika tatu ina nafasi ya maneno machache kuliko anavyodhani, kwamba mtu anayetazama simu huamua mapema sana kama atabaki, na kwa hiyo sentensi ya kwanza haiwezi kuwa salamu ndefu na shukrani kwa viongozi. Iwe kitu ambacho mtazamaji ataona ni chake.

"Bila ya bismillahi?"

"Bismillahi ipo. Kisha moja kwa moja."

Alifikiri, kisu kimesimama hewani. "Basi sema: 'Wewe uliyeweka nia mwaka jana ukaiacha, nia hiyo iko wapi?'"

Ilikuwa nzuri. Niliiandika, kisha nikahangaika kwamba ni ya kulaumu mno, nikaipeleka chini, nikairudisha juu. Ukurasa niliugawa safu mbili za wima. Kushoto maneno yatakayosemwa. Kulia kitakachoonekana wakati yanasemwa: mikono ikikunjua kirago, birika likianza kutoa moshi, dirisha likifunguliwa. Pale anapotakiwa kunyamaza nilichora mstari mdogo wa kulala. Kisha tulisoma kwa sauti, maana sentensi iliyo nzuri kwa macho huweza kumkaba mtu pumzi. Kila alipokosa pumzi niliikata sentensi. Yeye alilalamika kuwa namfanya azungumze kama mtu anayepanda ngazi.

Sehemu ya toba ilikuwa yake. Aliipanga alivyotufundisha utotoni. Kuliacha kosa lenyewe, maana haiwezekani kutubia jambo ukiwa umelikalia. Kujuta moyoni. Kuazimia kutolirudia. "Na kosa likiwa baina yako na Mungu, hayo yatosha," alisema, "nawe usilitangaze, alilolisitiri Mola usilifunue wewe. Lakini likiwa na haki ya mja ndani yake, kuna la nne: umrudishie haki yake, au umwombe radhi." Aliyasema haya bila kuangalia vitunguu, na vitunguu vilimenyeka.

Mazoea tuligombania. Yeye alitaka kuwaambia watu wasome juzuu moja kwa siku. Nilimkumbusha kwamba Bi Salama ana wajukuu wachanga na mume mgonjwa.

"Basi nusu."

"Mwalimu, fikiria siku yake mbaya kuliko zote. Mtoto analia, umeme umekatika. Siku hiyo ataweza nini?"

Alimaliza kitunguu kimoja. "Ukurasa mmoja," akasema. "Hata nusu ukurasa. Amali ya kudumu, ijapokuwa ndogo, ndiyo hupendwa zaidi. Hilo nalijua kabla hujazaliwa, usinitazame hivyo."

Tukakubaliana kuwa zoea lisiachwe linaning'inia. Lifungwe kwenye jambo ambalo mtu tayari hulifanya. Si "nitasoma zaidi" bali "nikishatoa salamu ya alfajiri, kabla sijanyanyuka kwenye msala, nasoma ukurasa." Si "nitaleta istighfari nyingi" bali "birika likiwa jikoni, mpaka lichemke, namwomba Mungu msamaha." Na lengo lisemwe kwa namna ambayo jioni mtu ataweza kujibu ndiyo au la. "Nitakuwa mwema kwa ndugu" halijibiki. "Nitampigia shangazi kila Ijumaa nikitoka kuoga" linajibika. Tena tukaweka mlango wa kurudia: siku ukikosa, usifidie kwa kufanya maradufu, kwa kuwa maradufu itakushinda na utaacha yote. Anza tena kesho pale pale, kwa udogo ule ule.

Hapo Mwalimu alisema jambo ambalo sikuliandika kwa kuwa halikuwa la video. "Wajua kwa nini nakunjua kirago?" alisema. "Nikiacha siku moja, nitaacha."

Jioni ile nilikaa kitandani na rasimu nikafika mwisho, sehemu ambayo alikuwa ameisema haraka haraka nikaiandika bila kuifikiri. Maneno yalikuwa hivi: *Na mimi mwenyewe, mwalimu wenu, nimefundisha miaka mingi. Kama kuna yeyote niliyemkosea kwa kujua au kutojua, namwomba anisamehe.* Upande wa kulia nilikuwa nimeandika: mikono miwili, imefunguliwa.

Niliisoma nikaipenda. Ingewaliza watu. Kisha nikaisoma tena. Ilikuwa ule ujumbe wa waridi, neno kwa neno. Tofauti ni kwamba huu ulikuwa na mikono mizuri.

Nilijipa sababu zote za kunyamaza. Yeye ni mkubwa wangu. Huenda hakukusudia. Huenda anamfikiria mtu mwingine. Bi Salama anataka video kabla ya mwaka kuingia, na mimi nataka kazi. Asubuhi nilipanda ngazi nikiwa nimejiandalia sentensi ya adabu yenye mizunguko mitatu, na nilipoketi ikanitoka nyingine kabisa.

"Mwalimu, hii ya mwisho. Si ndiyo ile ya jumla?"

Kisu kiliendelea kidogo kisha kikasimama. Nje fundi seremala alikuwa anapiga msumari. Mwalimu alinyanyuka, akafunga dirisha upande wa barabara, akabaki hapo amenipa mgongo.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Zuhura?"

Lilikuwa jina ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. "Sijazungumza na Zuhura, Mwalimu. Mimi hununua viazi tu."

"Hununua viazi tu," alirudia. Kisha, "Nenda kwenu, mwanangu. Mama yako akutafuta."

Mama hakuwa akinitafuta. Alikuwa kazini.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Dirisha lake lilibaki limefungwa na kikapu cha nguo hakikushuka. Nikipita nilisikia redio, bila ya mtu kuisahihisha. Bi Salama alipiga simu kuuliza maendeleo, na nilimdanganya kuwa tunatafuta mwanga mzuri. Niliandika mwisho mwingine wa video, usio na radhi yoyote, safi kabisa, nikaona ungetosha na hakuna ambaye angejua. Niliandika pia ule ambao Mwalimu anasimulia kisa cha kasida kwa kinywa chake, kisa cha kweli, watu wangekipenda sana, wangekisambaza. Huo niliufuta haraka, nikaona aibu kana kwamba mtu alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikwisha kuniambia kosa halitangazwi. Tena kisa chenyewe kilikuwa nusu yake tu. Nusu nyingine ilikuwa ya mtu anayesimama mbele ya mafuta ya moto kila siku.

Nilihisi nimempoteza mtu pekee aliyenipigia kelele.

Kisha alasiri moja kikapu kikashuka, kitupu. Nilipokishika kamba ilivutwa mara mbili, kama kengele. Nikapanda. Alikuwa amesimama mlangoni amevaa buibui, kitambaa cha mkononi amekikunja mraba.

"Nije na simu?" nikauliza.

"Simu ya nini? Vaa viatu."

Tulishuka. Alitembea mbele, mimi nyuma kidogo, na tulipofika pale ambapo siku zote hukata kuelekea vichochoro vya nyuma, akasimama. Nilidhani atakata. Akanishika kiwiko, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, tukaenda moja kwa moja.

Makadara saa hiyo imejaa watu wanaotoka kazini: vijana wa bandarini, akina mama wa bara wenye mabegi ya ofisini, madereva wa tuktuk wanaokula wakiwa wamekaa na mguu mmoja nje. Zuhura alikuwa nyuma ya karai lake, mwanamke mnene mwenye mikono yenye alama za mafuta, akichovya viazi kwenye unga wa manjano na kuvidondosha bila kutazama. Watu walipiga foleni. Mimi nilitaka kumwita kando. Mwalimu akaingia kwenye foleni.

"Mwalimu, tungemngoja amalize," nikamnong'oneza.

"Nilimfanyia mbele za watu," akasema, "nimwombe uchochoroni?"

Zamu yake ilipofika Zuhura alinyanyua macho. Mkono wenye kijiko ulisimama. Dereva mmoja nyuma yetu akasema, "Bibi, mbona mwatizamana? Twafa njaa huku."

"As-salaam aleikum, Zuhura."

"Wa aleikum salaam." Akaitikia, kwa kuwa salamu huitikiwa. "Vya kiasi gani?"

"Nimekuja kwa ile siku."

"Siku gani?"

Alijua ni siku gani. Hata mimi niliona alijua. Lakini alisubiri, kijiko mkononi, mafuta yanachemka, na Mwalimu ilimbidi aiseme. Aliisema yote. Maulidi, kasida, mkono alioushika, mkeka wa wadogo, na yale maneno ya kichwa na mtandio, kama yalivyokuwa, kwa ile sauti yake inayofika jikoni. Foleni nzima ilisikia. Dereva akaacha kutafuna. "Nilikudhulumu," alisema Mwalimu. "Ulikuwa mtoto, na ulikuwa umesoma vizuri mpaka pale. Nakuomba radhi."

Zuhura alichukua karatasi, akaikunja kuwa bomba, akajaza viazi. Alijaza polepole. Kisha akauliza:

"Pilipili niweke?"

Zuhura hakungoja. Akamwaga ukwaju, akamwaga pilipili, akaongeza pilipili tena, akampa. "Wa pili!" akaita, na dereva akasogea.

Tulirudi kwa njia ile ile. Mwalimu alikuwa ameshikilia vile viazi kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Nilitaka kumwambia kitu na nilikuwa na mambo mengi ya kumwambia, kwamba Zuhura labda aliona haya mbele ya wateja, kwamba pengine angemtumia mtu. Ngazini alikaa akala kimoja, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na sikuweza kujua kama yote yalikuwa ya pilipili.

"Hakusamehe," alisema.

"Hakukataa pia, Mwalimu."

"Kusamehe ni haki yake. Yangu ilikuwa kuomba." Akapangusa macho kwa kitambaa. "Kesho leta simu yako."

Tukapiga picha asubuhi, mwanga ukiingia dirishani kutoka upande wa bahari, simu nimeiegemeza kwenye birika. Fundi seremala tulimwomba anyamaze kidogo, akatusubirisha mpaka amalize msumari mmoja. Paka mwenye sikio lililokatika akaingia kwenye picha tukamwacha. Mwalimu alisema maneno yote bila kukwama, akasimama kwenye kila mstari nilioulaza. Mwisho wa jumla haukuwapo. Mahali pake alisema: "Kama kuna mtu mmoja unayezunguka barabara usimwone, huyo ndiye. Usimwandikie. Usiweke lengo la kupatana naye, kupatana si kazi yako peke yako. Weka lengo la kupita njia yake na kumsalimu. Leo. Na kesho tena." Mikono yake wakati huo ilikuwa inakunjua kirago.

Video iliwekwa. Waliotazama walikuwa akina mama wa kikundi na jamaa zao, na mtu mmoja aliyeandika kuuliza bei ya kirago. Bi Salama alisema ni nzuri ila ingekuwa na muziki. Kazi nilipata, si kubwa, na mwaka ulipokuwa unaendelea nikaanza kuzunguka Likoni na Kisauni na simu yangu, nikawa simpitii Mwalimu kama zamani. Hilo nalo nililifikiria sana, usiku na mchana, bila kulifanyia kitu. Mtaani nilisikia kwamba anapita Makadara kila siku baada ya alasiri. Kwamba anapiga foleni. Kwamba hazungumzi na Zuhura zaidi ya salamu, na Zuhura hazungumzi naye zaidi ya bei.

Nilikaa naye tena karibu na mwisho wa mwaka. Nilikuwa natoka Liwatoni, viatu vinanuka samaki, nikamkuta kwenye ngazi yake, peke yake, paka miguuni, karatasi ya viazi magotini. Alikuwa amekonda. Mkeka sikuuona, aliniambia magoti hayamruhusu tena kuinama, kwa hiyo siku hizi anafungua tu mlango wa chumba asubuhi na kuufunga adhuhuri.

"Udogo ule ule," nikasema.

"Udogo mdogo zaidi." Akanipisha nikae. "Umepotea, mwanangu."

"Kazi, Mwalimu."

"Najua kazi. Kazi yapita barabara hii hii."

Akanisogezea viazi. Nilikula kimoja nikijiandaa kukohoa, na hakikuwasha. Kilikuwa na chumvi na ukwaju, basi.

"Leo hakuweka pilipili?"

Mwalimu alinyanyua kitu kutoka pembeni ya goti lake. Kilikuwa kifuko kidogo cha nailoni, kimefungwa fundo juu, chekundu ndani. "Leo kaiweka mbali," alisema. "Kanipa mkononi. Kasema, 'Mwalimu, utajiwekea mwenyewe ukitaka.'"

"Kakuita Mwalimu?"

Alihangaika na fundo kwa kucha, likamshinda, akalikata kwa meno. Nilidhani ataimwaga chini. Mwaka mzima alikuwa amekula moto ule kimya kimya, na sasa aliachiliwa. Akaigeuza juu ya viazi, yote, mpaka tone la mwisho, akala, akakohoa, akafuta macho.

"Mwalimu!"

"Niache," alisema, akichukua kingine. "Nimeshaizoea."